Barua Iliyokatwa Kuanzia Chini

Mume wangu ni mtu wa kuzunguka. Mwulize kama mvua itanyesha, ataanza na upepo wa jana. Watoto wa shuleni walimbandika jina la Taratibu kabla sijaolewa naye, na nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni sifa. Kumbe lilikuwa onyo. Alipokuja kuposa, shangazi yangu aliyempokea alisinzia, akaamka, akakuta mgeni bado hajafika kwenye neno lenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa mjini. Kazi yangu haina mizunguko: unapima, unakata, unashona. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza kijijini kwao, katika chumba cha mwisho upande wa choo, madirisha hayana vioo, ubao umepauka katikati kwa kufutwa. Miaka miwili ya mwanzo watoto wa shule ile walisomeshwa kwa lugha ya nyumbani, wakishajua kusoma ndipo wakavushwa kwenye Kiswahili. Nasema walisomeshwa. Siku hizi hawasomeshwi hivyo tena, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Lugha yenyewe mimi niliikuta ukubwani, na ilinitoa jasho. Nilifika kijijini nikidhani nitaiokota wiki mbili tatu nikiwa nachota maji. Mama mkwe alinisikiliza kwa huruma. Siku moja, nikitaka kumwambia jirani kwamba baba mkwe mdogo alishafariki, marehemu wa miaka mingi yule, nilitumia umbo la kitenzi nililokuwa nimelizoea. Jirani akatua kuni zake chini, akashika kichwa, akaanza kulia kwa sauti. Watu wakatoka majumbani. Kumbe nilikuwa nimetangaza kwamba mzee amefariki leo asubuhi. Mama mkwe alipomaliza kuwatuliza watu alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanishika mkono akanifundisha: la leo lina umbo lake, la jana lina lake, la zamani lina lake. Nilijifunza kwa aibu, na vya aibu havisahauliki.

Kwa hiyo mwalimu mkuu alipoingia uani kwetu siku ile na gazeti kwapani, akatusomea makala ya yule bwana wa safu ya Jumatano, mimi ndiye niliyepandwa na hasira kwanza. Bwana yule alikuwa ameandika, kwa raha zake, kwamba lugha ya kijijini kwetu haina sarufi. Eti ni mkusanyiko wa maneno tu. Eti haina kitabu, haina kamusi, haijui kutofautisha wewe na yeye, na kila kukicha inaazima Kiswahili na kukichanganya ovyo. Akamalizia kwamba kuwafundishia watoto kwa lugha kama hiyo ni kuwapotezea miaka.

"Huyu amewahi kufika huku?" nikauliza.

"Hata kama hajafika," mwalimu mkuu akasema, "mwenyekiti wa kamati ya elimu amelikata hili gazeti akalitia kwenye faili. Kikao kinakaribia. Wanataka kuliondoa darasa lako, Mwalimu. Watoto waanze na Kiswahili siku ya kwanza."

Mume wangu alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kumenya. Nikamwona tu shingoni mshipa umesimama. Darasa lile ndilo alilokuwa nalo duniani, baada yangu mimi na mama yake, na sina hakika na mpangilio huo. Watoto waliokuja kwake hawajui neno la Kiswahili isipokuwa la kuitia kuku wa jirani aliyehamia, na kufikia mwisho wa mwaka walikuwa wanasoma vibao vya dukani. Alijua fika kitakachotokea wakianzishwa na lugha wasiyoijua: watakaa kimya, watakariri, na wengine wataacha.

"Mwenyekiti anasoma magazeti," mwalimu mkuu akasema akisimama. "Mjibu humo humo. Akiona jibu limechapishwa, atalitia nalo kwenye faili."

Jumapili mchana akaketi kuandika. Nilimpisha meza yangu ya kukatia, nikahamia sakafuni na nguo zangu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Aliponisomea nikadondosha mkasi.

"Mbona umeandika maneno ya yule mtu?"

"Lazima nianze na neno lake."

"Yamejaa mwanzo wote! Na umeyaandika kama vile ni yako."

"Ndivyo inavyofanywa, mke wangu. Siwezi kumjibu mtu nisiyemsikia."

Hapo niseme jambo la watu hawa, maana bila hilo mtu atamwona mume wangu kichwa maji. Kwao, mkibishana mbele ya watu, huruhusiwi kujibu mpaka urudie neno la mwenzako. Na hulirudii kwa kusema "huyu amesema hivi, amesema vile," hiyo ni dharau, ni kumsukumia mtu maneno kwa fimbo. Unayasema kama yako, kwa nguvu zake zote, mpaka mwenyewe atikise kichwa aseme, ndiyo, hilo ndilo neno langu. Ukilipunguza, wazee wanakurudisha ulirudie upya. Ukishalimaliza unasema, hilo ndilo neno, nimelisikia lote. Hapo tu ndipo unapolibomoa. Nimeona ugomvi wa mipaka ya shamba ukiisha kabla ya majibu, kwa kuwa mtu alisikia neno lake kinywani mwa adui akaona lilivyo baya. Ni utaratibu mzuri. Sijawahi kusema ni mbaya.

"Lakini gazeti si baraza," nikamwambia. "Anza na jibu. Mchape kofi kwanza, mengine baadaye."

"Hivyo ndivyo alivyofanya yeye," akanijibu. "Ndiyo maana hakuna alichokisikia."

Nikarudi kwenye nguo zangu. Ukimshindilia Taratibu jambo, anakuwa Taratibu zaidi.

Barua ilianza hivi: "Mheshimiwa Mhariri, neno ni hili. Lugha ya kijijini kwetu haina sarufi. Haina kitabu cha sarufi wala kamusi, na jambo lisiloandikwa haliwezi kuwa na kanuni. Haitofautishi wewe na yeye. Haina majina ya vitu vya leo, hivyo huokota ya Kiswahili na kuyachanganya. Mtoto anayefundishwa kwa lugha ya namna hiyo anapotezewa miaka. Hilo ndilo neno, nimelisikia lote."

Baada ya hapo ndipo lilipokuja jibu, na jibu lilikuwa tamu. Nalikumbuka kwa sababu alinisomea mpaka nikachoka, na kwa sababu nakala ya kwanza ninayo mimi.

Aliandika kwamba mwandishi ametafuta sarufi dukani akaikosa, akadhani haipo. Lakini kitabu cha sarufi ni picha tu, na mtu ambaye hajapigwa picha hakosi uso. Sarufi iko vinywani mwa watu, na utaijua kwa jambo moja: kuna maneno wanayoyakataa. Akatoa mfano wa kulima. Kiswahili kikisema "nililima", msikilizaji hajui kama ni leo au enzi za babu, mpaka uongeze neno la wakati. "Sisi," akaandika, "hatuwezi kufungua kinywa kabla hatujaamua. Nalimile ni leo, tangu kulipokucha. Nalimaga ni jana na siku za karibu. Nkalima ni zamani. Mtu akisema nalimile, kisha akaongeza jana, bibi asiyewahi kushika kalamu atamwambia amekosea. Amekosea nini, kama hakuna kanuni?"

Akaja kwenye wewe na yeye. Akaeleza kwamba mwandishi bila shaka ameona neno wagenda kwenye karatasi, akaambiwa lina maana ya "umekwenda" na pia "amekwenda", akacheka. Lakini wa- ile ikitamkwa kwa sauti ya chini ni wewe; sauti ikipanda ni yeye. Hakuna mtoto anayezichanganya. Ni herufi tulizoazima zisizo na alama ya sauti, na karatasi isiyosikia haiwezi kulaumiwa, ila aliyeiamini peke yake anaweza.

Kuhusu kuazima, alicheka kidogo, kwa kadiri anavyoweza kucheka. Baisikeli ilipofika kijijini, aliandika, hakuna kikao kilichoitishwa. Ikaitwa ibaisikeli, zikiwa nyingi, amabaisikeli, ikaingizwa kwenye kundi moja na jiwe na jicho. Tangu siku hiyo kila neno linaloifuata, liwe la sifa au la kutenda, hubadilika kulingana na kundi hilo, na kijiji kizima kilikubaliana bila kuulizana. Kiswahili nacho kilifanya hivyo hivyo kwa neno "kitabu". Kililetewa na Kiarabu, kikaona lina ki- mwanzoni, kikalipa wingi wa "vitabu" kama vile ni kiti na viti. Hakuna anayesema Kiswahili kilichanganya ovyo. Tunasema kina ngeli.

Mwisho akaweka watoto, kwa sababu watoto ndio kazi yake. Kitenzi cha kulala, akaandika, hakifuati wenzake. Badala ya nalalile, kama nalimile, watu wazima husema nalele. Lakini kila mtoto mdogo hupita kipindi anasema nalalile. Hajalisikia kwa mama yake, wala kwa bibi, wala kwa mtu yeyote duniani. Amelitoa wapi? Amelijenga mwenyewe, kwa kanuni aliyoivumbua kimya kimya akiwa mgongoni. "Mtoto anayekosea namna hiyo," akaandika, "anafika kwangu akiwa na sarufi nzima kichwani. Ninachomfundisha mimi ni kuitazama ikiwa ubaoni. Mkimnyang'anya hiyo, anaanza shule akiwa bubu."

Nilipenda sana mstari huo. Nikamwambia aupandishe juu. Akasema una mahali pake.

Barua ikaenda kwa dereva wa lori la nafaka, akaifikisha mwenyewe kwenye ofisi za gazeti. Tukangoja. Kila gazeti lililofika mume wangu alilifungua kuanzia nyuma, asije akaonekana ana haraka.

Ilipotoka, mwalimu mkuu hakuileta uani. Alisimama barabarani akamwita kwa mkono. Mimi nikawafuata na kitambaa begani. Ukurasa wa barua ulikuwa na tangazo kubwa la magodoro, mwanamke amelala meno nje, na pembeni yake, imebanwa kwenye kisafu chembamba, barua ya mume wangu. Kichwa cha habari kilisema: "Lugha yetu haina sarufi, mwalimu akiri." Chini yake yalikuwa maneno yale yote ya mwanzo. "Neno ni hili" walikuwa wameliondoa. "Hilo ndilo neno, nimelisikia lote" walikuwa wameliondoa. Barua iliishia kwenye watoto wanaopotezewa miaka, kisha ikafuata jina lake kamili na jina la shule.

Mume wangu aliisoma, akaisoma tena. Akageuza ukurasa kuona kama inaendelea nyuma. Nyuma kulikuwa na michezo.

"Labda kesho wataweka iliyobaki," akasema. Namjua huyu mtu, na sijawahi kumsikia akitumaini kwa sauti ndogo namna ile.

Kesho yake tukaenda mjini, mimi na yeye. Ofisi ya barua za wasomaji ilikuwa chumba kimoja ghorofani, feni inazunguka kwa kulalamika, bahasha zimejaa kwenye kreti za soda. Dada aliyetupokea hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimekuja na maneno yangu yameshanolewa. Akaitafuta barua akaipata. Salamu ya mwanzo na lile "neno ni hili" vilikuwa vimefutwa pamoja, mstari wa kalamu nyekundu ulikuwa umepita katikati, na chini yake kila kitu kimepigwa mkwaju.

"Tangazo lilichelewa kuja, baba," akamwambia. "Nafasi ikabaki kidogo. Barua tunazikata kuanzia chini. Ndivyo kazi ilivyo hapa: la maana linatangulia, la nyongeza linakaa mkiani. Aliyekuwa zamu alikata mkia."

"Kwetu la maana ndilo la mwisho," mume wangu akasema.

"Sasa sisi tungejuaje, baba yangu?"

Kazi yake niliielewa. Mimi mwenyewe kitambaa kikipungua nakata pindo, sikati kifua. Sema mume wangu alikuwa ameweka moyo kwenye pindo. Nilimwambia dada yule achapishe barua nzima upya, akasema hilo haliko mikononi mwake, ila ataomba waweke masahihisho. Akatuandikia namba ya simu. Tukateremka ngazi, na mume wangu akawa anamshukuru kila tuliyekutana naye, mlinzi, mfagiaji, kana kwamba tumetoka kupewa kitu.

Kikao cha kamati kilifanyika kabla masahihisho hayajatoka. Nilikaa nje ya dirisha pamoja na wazazi wengine. Mwenyekiti alisoma makala ya yule bwana, kisha akavaa miwani vizuri akasoma barua ya mume wangu, polepole, kwa heshima. Akasema amefurahi kuona mwalimu mwenye ujasiri wa kusema ukweli kuhusu watu wake. Wajumbe wakapiga makofi. Mume wangu akasimama na nakala yake mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuzunguka; alisema, "Hayo si maneno yangu. Barua imekatwa. Jibu langu ni hili hapa."

Mwenyekiti akamtazama kwa masikitiko. "Mwalimu, usijipinge mbele ya watu. Kilichochapishwa kimechapishwa. Hiyo uliyoshika, mtu yeyote anaweza kuandika baada ya kuona watu wamekasirika."

"Soma basi. Soma mstari mmoja tu."

"Muda, Mwalimu."

Wakapiga kura kwa mikono. Sikuhesabu. Mikono ilikuwa mingi, na ule wa mwalimu mkuu ulinyanyuka shingo upande, mwisho, baada ya kutazama ya wenzake. Darasa likafutwa kuanzia muhula mpya. Taratibu akabakishwa kwenye chumba kile kile, na watoto wale wale, na amri ya kutotamka lugha yao kuanzia mlangoni kuingia ndani.

Masahihisho yalikuja baadaye, chini ya matangazo ya vyeti vilivyopotea. Yalisema sehemu ya maelezo ya mwandishi iliachwa kwa ufinyu wa nafasi, wahariri wanaomba radhi. Sehemu gani, ilisema nini, hakuna. Nikayakata kwa mkasi wangu nikampa. Akayaweka mfukoni mwa shati, na shati lile nililifua nayo, nadhani aliniachia makusudi.

Watu wa kijijini hawakumtukana. Laiti wangemtukana! Waliendelea kumsalimu, ila alipofika penye mazungumzo mazungumzo yalipungua. Niliwaeleza wanawake kisimani: ni neno la yule mtu, alilirudia tu, ninyi si mnajua inavyofanywa? Walijua. Mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba wanajua, ila anayerudia neno huwa analijibu hapo hapo kabla watu hawajatawanyika. Na watu walikuwa wametawanyika.

Kwa mama yake alikwenda mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, kumweleza. Gazeti mama alikuwa ameshasomewa na mtu, sijui nani, na sitaki kujua. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, hakumkatiza. Bibi yule amekula chumvi nyingi, baraza zote za kijiji amezikalia, na utaratibu wa kurudia neno yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe. Mwanawe alipomaliza kueleza, alimwuliza swali moja tu.

"Jina lililo chini ni la nani?"

"Ni langu, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake ya kupepeta.

Muhula mpya ulipoanza, tulimpitia mama mkwe asubuhi tukielekea shuleni. Mume wangu alikuwa amevaa shati nililomshonea, chaki mfukoni, uso hauna damu. Alikuwa hajalala vizuri kwa kuwaza watoto, watakavyomtazama akianza kuwasemesha maneno wasiyoyajua. Akainama mlangoni akamwamkia mama yake kwa lugha yao, maamkizi marefu ya asubuhi anayompa tangu alipojifunza kusema.

Mama mkwe anajua Kiswahili cha sokoni tu, cha kupandisha na kushusha bei ya mboga. Sikuwahi kumsikia akikitumia nyumbani kwake.

"Nzuri," akamjibu. "Wewe nzuri? Karibu. Kaa."

Mwanzoni nilidhani anamtania. Mume wangu akaamkia tena, kwa sauti ya chini zaidi. Bibi akamkazia macho, na hapakuwa na kejeli ndani yake, wala hasira. Aligeuka akaniambia mimi jambo la chumvi iliyokwisha kwa lugha yao, haraka haraka kama kawaida, mimi mtu wa kuja. Kisha akamrudia mwanawe na kile Kiswahili chake cha kuokoteza, akitafuta kila neno.

"Mimi hapana jua nyingine, mwanangu. Hiyo ya zamani, wewe nasema hapana lugha. Basi. Mimi najifunza yako."

Akamsogezea kiti cha wageni, akakifuta vumbi kwa kanga yake. Mume wangu akakaa.